Bando linaisha, alama haionekani: Mac inapoficha vitu nyuma ya kamera

Bando linakata mapema, na ukiangalia kioo cha MacBook kila programu inaonekana imefungwa. Huenda kuna moja inayoendelea kupakia mafaili kimyakimya, ila alama yake imejificha nyuma ya kamera.

Kile kipande cheusi cha kamera kilianza kwenye MacBook Pro za inchi 14 na 16 mwaka 2021, kisha kikaja kwenye MacBook Air ya M2 mwaka 2022. Kinakaa katikati ya upau wa menyu, ule mstari wa juu kabisa wa kioo. Kushoto kuna menyu za programu uliyofungua. Kulia kuna saa, betri, Wi-Fi na alama za programu zinazofanya kazi chinichini. Nafasi ya kulia ikijaa, macOS haitoi onyo wala mshale wa kuonyesha zilizobaki. Alama iliyo karibu na kamera inapotea machoni tu, huku programu yenyewe ikiendelea na kazi.

Chukua mfano wa mhariri wa video za harusi pale Kipawa anayetumia intaneti ya simu. Amefungua Premiere Pro, yenye menyu nyingi zinazosogea hadi upande wa pili wa kamera. Google Drive nayo inapandisha faili la gigabaiti 4. Alama ya Google Drive ndiyo ingemwonyesha hilo, na hapo hapo ndipo angesimamisha upakiaji. Lakini haioni.

Kupima ni rahisi: bofya sehemu tupu ya kioo ili menyu za Finder, ambazo ni chache, zichukue nafasi. Alama zikirudi, tatizo ni nafasi. Zisiporudi, funga programu moja au mbili zenye alama upande wa kulia kisha uangalie tena.

Dawa ya kwanza haihitaji kupakua chochote. Shikilia kitufe cha Command, kisha buruta alama muhimu kuelekea kulia, mbali na kamera. Alama za mfumo usizozihitaji ziburute nje ya upau na uziachie. Saa haihami. Pia fungua System Settings, ingia Displays na uchague More Space. Maandishi yatakuwa madogo, ila upau utabeba vitu vingi zaidi.

Umbali kati ya alama na alama hauna kitufe chake kwenye System Settings. Unabadilishwa kwa Terminal, programu inayokuja na kompyuta yenyewe:

```
defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSpacing -int 6
defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding -int 6
```

Baada ya hapo chagua Log Out na uingie tena, la sivyo hutaona tofauti. Namba ikiwa ndogo sana alama zitabanana hadi kubofya kuwe tabu. Kurudisha hali ya awali, futa ulichoandika:

```
defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSpacing
defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding
```

Dock, ile safu ya programu, ina uhuru kidogo zaidi. Unaweza kuipunguza, kuificha, au kuihamishia kushoto au kulia, na kwa anayehariri video pembeni ndiko kuzuri kwa sababu kioo ni kipana kuliko kirefu. Juu haiendi, na Finder huwezi kuitoa.

Kwenye rangi ndiko wenye biashara huwa wanakwama. Ndani ya Appearance kuna chaguo linalobadilisha rangi ya vitufe na vitu ulivyochagua. Rangi zenyewe ni nane, pamoja na Multicolor, inayoruhusu kila programu kutumia rangi yake. Chungwa lipo, lakini chungwa lile lile la nembo ya studio huwezi kuliweka. Hiyo inawezekana kwenye rangi ya maandishi uliyoyachagua, kwa kubofya Other.

Alama zikiwa nyingi kupita kiasi, kinachobaki ni programu za nje kama Ice, ya bure, au Bartender, ya kulipia. Hizi hukusanya alama na kuzifunua unapozihitaji. Macho yawe kwenye ruhusa zinazoombwa: Accessibility, ya kuendesha kompyuta kwa niaba yako, na Screen Recording, ya kuona kioo chako. Mwaka 2024 Bartender iliuzwa kimya kwa mmiliki mpya, na watumiaji wakahoji kwa nini hawakuambiwa ilhali programu hiyo ilikuwa inaona vioo vyao. Ruhusa hizo zote zinaonekana ndani ya Privacy & Security, na unaweza kuzizima hapo hapo bila kufuta programu, ingawa baadhi ya kazi zake zitasimama.