Wimbo wa jembe: kwa nini simu ilimchosha shangazi

Ukifika Sanje Jumamosi asubuhi, utasikia mambo matatu kabla hujamsikia mtu. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa, mbega wanaopigishana kelele pembezoni mwa msitu, na jembe. Sauti ya jembe unaijua: pu... pu... pu... Mtu yuko nyuma ya nyumba yake, peke yake, anatifua kabustani kabla jua halijawa kali. Ukisogea karibu, mara nyingi utakuta anaimba kwa sauti ya chini.

Mwaka huu mvua za vuli zilipoanza, nilienda kumsaidia shangazi kuinua matuta ya matembele na mchicha. Nilibeba na spika yangu ndogo, nikiamini nimeleta msaada. Kumbe nilileta matatizo, na makala hii inaeleza sababu.

Baada ya salamu na chai ya rangi, niliwasha muziki wa kuchangamka. Shangazi alicheka, akasema, "Haya mwanangu, leo tunalima kisasa." Akaongeza kasi. Kwa dakika arobaini hatukusimama hata kunywa maji, na wote wawili tulijisikia vizuri sana. Jumapili asubuhi hakuweza kunyoosha mgongo. Alitoka nje ameshika ukuta, akaniambia, "Ule wimbo wako haupumui."

Sentensi hiyo nilirudi nayo chuoni, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba alikuwa amesema fiziolojia nzima kwa maneno manne.

Hesabu ya jembe moja

Tuanze na kazi yenyewe. Chukua jembe la mkono ambalo, pamoja na mpini, lina uzito wa kilo 2. Ukiliinua mita 1, unafanya kazi ya jouli 20 hivi. Ni kidogo. Lakini hebu mwangalie mtu anayelima: hainui jembe tu, anainua na kifua chake, kichwa na mikono. Tukisema sehemu hiyo ya mwili ina kilo 30 na inapanda sentimita 30 kila anapojiinua, hapo ni jouli 90. Kwa hiyo katika pigo moja la jouli 110, jembe ni sehemu ndogo. Mzigo mkubwa unaoubeba shambani ni wewe mwenyewe, na anayeubeba ni mgongo.

Sasa weka mwendo. Kabla sijawasha muziki nilikuwa nimemhesabu shangazi kwa saa ya simu, kwa udadisi tu: mapigo 25 kwa dakika. Muziki ulipokolea nikahesabu tena, nikapata 34. Tofauti ya mapigo 9 kwa dakika inaonekana ndogo, lakini kwa dakika 40 ni mapigo 360. Yaani nilimwongezea mwanamke mtu mzima kuinama na kuinuka mara 360 zaidi, halafu nikashangaa mgongo unauma.

Na kazi haikuongezeka kwa kiwango hicho. Jembe likienda haraka halipati muda wa kupanda juu, kwa hiyo linaingia udongoni kidogo. Matuta ya mwisho yalikuwa na mabonge makubwa na chini yake udongo mgumu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mwendo umekushinda: angalia bonge, si jasho.

Kwa nini tuliongeza kasi bila kujua

Ubongo wa binadamu una tabia ya kunasa mdundo. Ukisikia mapigo yanayojirudia, sehemu zinazopanga mwendo wa misuli huanza kuyategemea, na mwili unapenda kuangusha tendo juu ya pigo. Ndiyo maana unajikuta unatembea kwa mwendo wa ngoma inayopigwa mtaani hata kama una haraka zako.

Wimbo nilioupiga ulikuwa na mapigo 136 kwa dakika. Hakuna anayelima mara 136 kwa dakika, kwa hiyo mwili unagawanya: jembe moja kwa kila mapigo manne. 136 gawanya kwa 4 ni 34. Shangazi hakuchagua ile kasi. Alipangiwa na wimbo.

Jambo hili lina faida zake pia. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waliwaendeshesha watu baiskeli za maabara. Mwendo wa miguu ulipokwenda sawasawa na mapigo ya muziki, waendeshaji walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 7, ikilinganishwa na muziki uliokuwa wa polepole kuliko miguu yao. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwendo ukiwa sawa, misuli haipotezi nguvu katika kuharakisha na kupunguza kila mara. Kwa hiyo mdundo unasaidia kweli, ila ni lazima uwe mdundo wa kazi yako na si wa ukumbi wa disko.

Tatizo la pili ni kwamba muziki unaficha uchovu. Katika kazi ya kiasi cha kati, ukisikiliza wimbo unaoupenda, akili inapokea kwa udogo taarifa zinazotoka kwenye misuli na mapafu. Ukiwa unakimbia kwa mazoezi, hiyo ni raha. Ukiwa umeinama na jembe, taarifa ya mgongo ndiyo breki yako, na mimi nilikuwa nimeizima.

Wimbo unaopumua

Sasa turudi kwenye maneno ya shangazi. Spika haina mapafu. Mtu anayeimba mwenyewe anayo, na hewa anayoimbia ndiyo hiyo hiyo anayolimia. Hapo ndipo ilipo siri.

Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi kisichohitaji chombo. Kama unaweza kuimba, kazi yako ni nyepesi. Kama unaweza kuongea lakini wimbo unakushinda, umefika kiasi cha kati. Kama hata sentensi moja inakatika, kazi imekuwa kali. Anayelima huku akiimba kwa mdomo wake amebeba kipimo hicho kooni. Akizidisha kasi, mstari unakatika katikati, na wimbo wenyewe unamlazimisha kupunguza. Simu itaendelea kuimba hata ukianguka.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2013 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walifunga vyuma vya mazoezi kwa namna ambayo kila mtu alipovuta, muziki ulitokea kutokana na mwendo wake. Walijisikia kuchoka kidogo kuliko waliposikiliza muziki tu wakiwa wanafanya mazoezi yale yale. Yaani kuutengeneza muziki kunapunguza hisia ya uchovu kuliko kuletewa. Na hapo Oksifodi, mwaka 2010, wapiga makasia waliovuta pamoja kwa mwendo mmoja walivumilia maumivu zaidi baada ya mazoezi kuliko walipovuta kila mmoja peke yake, ingawa kazi ilikuwa ile ile.

Nikiri mipaka: tafiti hizi zilifanyika kwa mashine, ndani ya chumba, na watu wachache. Hakuna aliyeshika jembe. Lakini wakulima wetu wamefanya jaribio hili kwa muda mrefu. Wasukuma, ambao wengi wamehamia bonde hili la Kilombero, wana vyama vya kulima pamoja kwa ngoma na nyimbo, na ushindani wa Bagika na Bagalu unajulikana hata na wasiolima. Ngoma yao ya bugobogobo huchezwa na majembe mkononi. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Kikundi kinapolima, kiongozi anaimba na wengine wanaitikia. Hebu fikiria maana yake kwa mapafu: wakati mmoja anatumia pumzi, mwingine anaivuta.

Lakini wewe uko peke yako Jumamosi asubuhi. Nani atakuitikia? Nilipomsikiliza shangazi vizuri wikiendi iliyofuata, nikaelewa: anaimba mstari mfupi, kisha ananyamaza, na jembe linaitikia. Pu... pu... Kisha mstari mwingine.

Jinsi ya kutafuta wimbo wako

Lima dakika tano bila wimbo wowote, mwili upate moto. Kisha hesabu mapigo ya jembe kwa dakika moja bila kujiharakisha. Tuseme umepata 25 kama shangazi. Zidisha kwa 4, unapata 100. Hapo ndipo wimbo wako ulipo: karibu na mapigo 100 kwa dakika. Kama unataka kujua wimbo fulani una mapigo mangapi, ugonge kwa kidole kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4.

Kisha uimbe mwenyewe, usiuwashe. Kwa mapigo 25, jembe moja linachukua sekunde 2.4. Imba mstari unaotosha majembe mawili, yaani sekunde tano hivi, kisha nyamaza kwa majembe mawili uvute hewa. Vuta hewa jembe linapopanda, itoe linapoanguka. Kama mstari wako ni mrefu mno, utajua haraka: utajikuta umebana pumzi wakati wa kuinama, na kichwa kitaanza kuwa chepesi. Fupisha mstari, usijikaze.

Baada ya nusu saa, hesabu tena. Kama umepanda kutoka 25 hadi 30 bila kukusudia, wimbo umeanza kukukimbiza, punguza. Kama umeshuka hadi 20 na maneno yanakatika, huo si uvivu. Ni muda wa kusimika jembe na kunywa maji.

Hesabu hii ni ya kutifua na kuinua matuta tu. Kung'oa magugu kwa mkono au kupalilia kwa kijembe kidogo katikati ya mchicha hakuna mdundo mmoja, mkono unafuata jani na si pigo. Hapo imba chochote, au washa redio, haitakudhuru.

Wikiendi ile ya pili spika ilibaki ndani ya begi. Nilishika tuta langu pembeni ya lake, nikajaribu kumwitikia. Mara mbili za kwanza nilikosea, nikaimba juu ya pumzi yangu na kukohoa. Shangazi hakusimama, alisema tu, "Subiri jembe lishuke." Tulimaliza matuta manne, machache kuliko siku ya spika, lakini udongo ulikuwa umetifuka hadi chini. Jumapili nilipoamka, nilimsikia nyuma ya nyumba akimwagilia.

Jumamosi hii ukishika jembe, hesabu kwanza. Ukipata namba yako, tuandikie hapo chini pamoja na aina ya udongo wako, maana nashuku mfinyanzi wa bondeni na tifutifu ya mlimani hazilimwi kwa wimbo mmoja.