Mnazi wa Mita 18: Namna ya Kutunga Swali la Trigonometria Linaloaminika

Mwanafunzi amesimama mita 100 kutoka kwenye shina la mti. Akitazama kilele, pembe ya mwinuko ni digrii 60. Tafuta urefu wa mti.

Ukilikokotoa swali hili unapata mita 173, na mti wa namna hiyo haupo popote duniani. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana barani Afrika, uliotangazwa mwaka 2016, uko kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro na una mita 81.5. Mwanafunzi anayezoea kuandika 173 bila kushtuka hatajua siku atakapokosea, kwa sababu majibu yote kwake ni sawa.

Dawa ni kuanza na jibu, kisha kurudi nyuma hadi kwenye swali. Chukua mnazi mrefu wa kawaida, tuseme mita 18. Anayepima haweki jicho lake ardhini. Macho ya kijana aliyesimama yako kama mita 1.5 juu. Kwa hiyo pembetatu yetu inaanzia usawa wa macho, na upande wake wa wima ni mita 16.5. Sasa chagua mahali pa kusimama. Umbali wa mita 15 unafaa: 16.5 ukigawanya kwa 15 ni 1.1, na pembe yenye tanjenti hiyo inakaribia digrii 48. Swali limepatikana:

Juma amesimama kwenye uwanja tambarare, mita 15 kutoka kwenye mnazi uliosimama wima. Macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini. Anaona kilele kwa pembe ya mwinuko ya digrii 48. Mnazi una urefu gani?

Jibu: urefu juu ya usawa wa macho = 15 × tan 48° = 15 × 1.1106 = mita 16.7. Ongeza 1.5, unapata 18.2. Mnazi una takriban mita 18.

Neno "takriban" lina kazi hapo. Pembe hupimwa kwa protrakta iliyofungwa uzi wenye kijiwe, na kukosea digrii moja ni jambo la kawaida. Kama pembe ya kweli ilikuwa 47, mnazi una mita 17.6, kama ilikuwa 49, una 18.8. Kuandika 18.159 ni kudai usahihi ambao kifaa hakina. Hapo pia ndipo inapoonekana sababu ya kuchagua mita 15. Juma angesimama mita 4 tu kutoka kwenye shina, pembe ingekuwa kama digrii 76, na kosa la digrii moja lingehamisha jibu kwa mita 1.3 badala ya 0.6. Pembe zilizo karibu na 45 ndizo zinazovumilia makosa zaidi.

Mtunzi makini hukokotoa pia majibu yasiyo sahihi. Anayesahau kimo cha macho atapata 16.7. Kwenye protrakta, uzi hauonyeshi pembe ya mwinuko moja kwa moja, bali kiasi kinachobaki kufika 90. Anayechukua 42 badala ya 48 atapata mita 15.0. Kwa kuwa majibu hayo yanatofautiana, mwalimu akisahihisha anajua mara moja mwanafunzi alipotelezea wapi.

Maneno "uliosimama wima" nayo si pambo, kwa sababu minazi mingi huinama. Tuseme kilele kimemwelekea Juma kwa mita 2. Pembe ni ileile 48, lakini kutoka kwake hadi chini ya kilele ni mita 13, si 15. Urefu wa kweli unakuwa takriban mita 15.9, na hesabu ya awali imezidisha kwa zaidi ya mita 2. Ukitaka swali lipimike kweli nje ya darasa, chagua mvinje ulionyooka, au jengo.

Jengo lina faida nyingine: jibu lake hukaguliwa kwa kuhesabu sakafu. Mwanafunzi mwenye macho yaliyo mita 1.6 juu anasimama mita 20 kutoka ukutani na kuona ukingo wa paa kwa digrii 35. Jibu: 20 × 0.7002 = 14.0, ongeza 1.6, ni mita 15.6. Kwa kawaida sakafu moja huchukua kama mita 3. Kama jengo lina sakafu tano, ukihesabu ile ya chini, mita 15 na ukingo mfupi wa paa zinalingana na jibu. Kama lina sakafu tatu, mwanafunzi arudie kupima kabla ya kukusanya daftari.