Kusoma Mchoro wa BPMN wa Kuajiri

BPMN ni mfumo wa alama za kuchora mtiririko wa kazi. Toleo lake la 2.0 lilitolewa na shirika la OMG mwaka 2011. Mchoro wake husomwa kwa kufuata mishale, kuanzia duara la mstari mwembamba hadi duara la mstari mnene. Maduara ni matukio. Mistatili yenye pembe zilizoviringwa ni kazi. Kazi hufanywa na mtu au mfumo, tukio hutokea lenyewe, na tofauti hiyo ibaki hata mchoro unapogeuzwa kuwa maneno.

Chukua mchoro wa kuajiri mhasibu. Duara la kwanza lina bahasha, yaani kuna ujumbe unaopokelewa: “Ombi la idara ya fedha linapofika, afisa rasilimali watu anatangaza nafasi.” Linalofuata lina mistari miwili na saa ndani, na limeandikwa siku 14: “Siku 14 zikipita, afisa anachambua maombi.” Kisha jopo linawasaili waombaji na kumchagua anayefaa.

Hapo linakuja lango, umbo la almasi lenye alama ya X. Mshale mmoja tu ndio utakaofuatwa: “Akipatikana anayefaa, sifa zake zinahakikiwa, asipopatikana, nafasi inatangazwa upya.” Wengi hudhani lango ndilo linaloamua. Sivyo. Uamuzi umekwisha kufanywa na jopo katika kazi iliyotangulia. Lango linaelekeza njia tu. Kama kabla ya X hakuna kazi inayotoa jibu, sentensi itakosa mwenye kuamua, na kasoro hiyo ni ya mchoro wenyewe.

Lango lenye alama ya kujumlisha halina swali lolote, mishale yake yote hufuatwa: “Afisa mmoja anahakiki vyeti, na wakati huohuo mwingine anawapigia simu wadhamini.” Lango la kujumlisha linalozikutanisha njia hizo husubiri zote: “Kazi zote mbili zikikamilika, barua ya ajira inatumwa.” Wachoraji wengi hukosea hapa. Njia hizo zikikutanishwa kwa X, barua itatumwa mara mbili, kwa kuwa X haisubiri. Zikigawanywa kwa X na kukutanishwa kwa alama ya kujumlisha, mchakato utakwama, ukingojea njia ambayo haikufuatwa kamwe.

Baada ya barua kuna almasi yenye maduara mawili, na ndani yake umbo la pembe tano. Lango hili halitegemei uamuzi wa ofisi, bali kitakachotangulia kutokea. Mshale mmoja unakwenda kwenye bahasha, mwingine kwenye saa: “Jibu la mteule likifika kabla ya siku 7, linasomwa; siku 7 zikipita bila jibu, ofa inafutwa.” Kwa kuwa jibu laweza kuwa ndiyo au hapana, baada ya bahasha panahitajika X nyingine: akikubali anasaini mkataba, akikataa mchakato unaishia kwenye duara nene lake lenyewe.