Urefu wa wimbi la bati

Bati la mawimbi linaloezeka ghala za mahindi Kitale na nyumba za Bungoma huanza kiwandani likiwa bapa, kisha hukunjwa. Likikunjwa, upana wake hupungua. Kujua umepungua kiasi gani ni kutafuta urefu wa mkunjo.

Chukua wimbi lenye upana wa milimita 76 na kina cha milimita 18, na umbo lake lichukuliwe kuwa la saini: y = 9 sin(2πx/76). Kipande kidogo mno cha mkunjo ni karibu sawa na mstari ulionyooka. Kwa kanuni ya Pithagorasi, kila hatua ya dx kwenda mbele huzaa urefu wa √(1 + m²) dx, ambapo m ni mteremko wa mahali hapo. Hapa m = 0.744 cos(2πx/76), na urefu wote ni jumla ya vipande hivyo, yaani intagrali.

Ugumu unaanzia kwenye kipeuo hicho. Kwa parabola, ndani yake hubaki neno la daraja la pili, na ubadilishaji mwafaka wa kigeu hukiondoa kipeuo. Jibu hupatikana kwa logi. Kwa saini, ukiweka u = sin(2πx/76), chini ya kipeuo hutokea polinomia ya daraja la nne yenye mizizi minne tofauti. Hakuna ubadilishaji wa kigeu kwa uwiano wa polinomia unaoweza kukiondoa kipeuo cha namna hiyo. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alithibitisha kwamba intagrali za jamii hii, ziitwazo za duaradufu, haziandikiki kwa polinomia, vipeuo, logi, vipeo na fanksheni za pembe, hata zichanganywe vipi. Kwa hiyo kutafuta zaidi hakutafaa kitu. Urefu wenyewe upo, na hauna utata wowote; kinachokosekana ni fomula ya kuuandika.

Basi hukokotolewa kwa namba. Robo ya wimbi inatosha, kwa kuwa robo nyingine zinafanana nayo. Mwanzoni mwake √(1 + m²) ni 1.246, katikati ni 1.130, kileleni ni 1. Thamani za miisho zikihesabiwa nusu, wastani ni (0.623 + 1.130 + 0.5) ÷ 2, yaani 1.1266 hivi. Ukiongeza nukta mbili katikati ya hizo, wastani haubadiliki katika tarakimu nne. Uthabiti huo ndio ishara kwamba jibu linaaminika. Kwa mkunjo wa saini, njia hii hukaribia jibu upesi sana.

Wimbi moja, basi, lina urefu wa milimita 85.6, na bati la mawimbi 10 lenye upana wa milimita 760 lilikunjwa kutoka bapa la milimita 856. Kosa linaloshusha urefu mno likiingia, hugundulika: mistari iliyonyooka kutoka bonde hadi kilele na kurudi hufikia milimita 84.1, na mkunjo hauwezi kuwa mfupi kuliko hiyo.