JOIN Haina Kosa, Faharasa Ndiyo Haipo

Kila mwenye duka la mtandaoni ambaye kurasa zake zimekuwa nzito huniuliza swali lilelile: "Fundi, nikiyakusanya majedwali yote yawe moja, duka si litakwenda kasi?" Hapana. Nimechoka kulijibu kwa upole, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Wa mwisho kuniuliza anauza viatu, na alikuja akiwa ameshatenda. Kijana wake wa programu alimwambia `JOIN` ni polepole, basi wakavunja majedwali ya wateja, oda, bidhaa na bidhaa za oda, wakabaki na jedwali moja. Kila kiatu kilichouzwa kikapata mstari wake, na katika kila mstari kukaandikwa upya jina la mteja, simu, anwani, jina la kiatu na bei. Ukurasa wa oda haukupona, ukazidi kuwa mzito.

Haikuwa ajabu. Hifadhidata yake ni PostgreSQL. Ukitangaza ufunguo wa kigeni, PostgreSQL haikutengenezei faharasa kwenye safu hiyo, wakati MySQL kwa InnoDB hukutengenezea. Kwa hiyo, kutafuta viatu vitatu vya oda moja kulikuwa kunasoma jedwali zima, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alipounganisha majedwali, faharasa bado haikuwepo, ila sasa mistari imenenepa na kila msako unapitia data nyingi zaidi. Aliivunja nyumba kwa sababu mlango ulikosa bawaba.

Ukitaka kujua kama ugonjwa wako ni huo, iulize hifadhidata yenyewe:

```sql
EXPLAIN ANALYZE
SELECT b.jina, z.idadi
FROM bidhaa_za_oda z
JOIN bidhaa b ON b.id = z.bidhaa_id
WHERE z.oda_id = 48213;
```

Ukiona `Seq Scan on bidhaa_za_oda` na jedwali lina mistari laki sita, umempata mgonjwa. (Kwa jedwali la mistari mia mbili usihangaike, kulisoma lote ni rahisi kuliko kupekua faharasa.) Dawa ni hii:

```sql
CREATE INDEX ON bidhaa_za_oda (oda_id);
```

Baada ya hapo hifadhidata inashuka hatua tatu nne kwenye faharasa na kuifikia mistari inayotakiwa. `JOIN` ipo palepale na haimsumbui mtu.

Gharama ya jedwali moja inakuja baadaye. Mteja mwenye oda tisa anabadilisha simu, karani anarekebisha oda ya mwisho tu, na sasa mtu mmoja ana namba mbili. Kiatu kipya ambacho hakijauzwa hakina pa kuandikwa. Ukifuta oda pekee ya kiatu fulani, umekifuta na kiatu.

Sasa, ugawanye lini? Jiulize: jambo hili likibadilika, nitarekebisha mistari mingapi? Zaidi ya mmoja, lipe jedwali lake. Lakini malizia na swali la pili: likibadilika leo, oda ya mwezi jana nayo inapaswa kubadilika? Simu ya mteja, ndiyo. Bei, hapana. Aliyenunua kwa 45,000 alinunua kwa 45,000, hata kama leo kiatu ni 52,000. Kwa hiyo bei ya kuuzia inakaa kwenye `bidhaa_za_oda`, na anwani iliyopelekewa mzigo inakaa kwenye oda. Wengi hudhani huko ni kurudia data. Si kurudia, bei ya leo na bei ya siku ile ni mambo mawili tofauti.

Kurudia kwa kweli kunaruhusiwa pale umeshapima, faharasa zipo, na bado ukurasa unaosomwa mno unakokotoa kitu kilekile kila mara, kwa mfano wastani wa nyota za kila kiatu. Hapo ongeza safu ya wastani kwenye `bidhaa`. Isasishe ndani ya muamala uleule unaoingiza maoni, au tumia `MATERIALIZED VIEW` kama tofauti ya saa moja haikuumizi. Maoni yenyewe yabaki kuwa asili, na kila usiku linganisha safu hiyo na hesabu halisi. Zikitofautiana, kuna mlango wa nyuma unaoandika bila kusasisha, utafute.

Majedwali ya viatu tuliyagawanya tena kwa siku moja. Kazi iliyotuchelewesha ilikuwa simu: wateja wengine walikuwa na namba tatu, na hakuna `SELECT` inayojua ipi bado inapatikana. Ilibidi karani azipige, moja baada ya nyingine.