Jedwali Lisilo na Pa Kuanzia

Chukua swichi tatu za boya uzifunge ndani ya tangi moja la maji, zote kwenye kina kimoja. Kazi yao ni kuleta habari ileile: maji yamefika au hayajafika. Yakifika, swichi hutoa 1. Yasipofika, hutoa 0. Zimefungwa tatu kwa sababu boya hukwama na waya hushika kutu, na moja ikianza kusema uongo, wenzake wawili wataisuta. Sasa tunataka taa ndogo nyekundu iwake kila mara zinapotofautiana. Zote zikisema 0, taa izime. Zote zikisema 1, izime pia. Nje ya hapo, iwake.

Swichi hizo tuziite A, B na C. Hali zinazoweza kutokea ni 8, na taa inazima katika 2 tu, yaani 000 na 111. Zinabaki 6 za kuiwasha. Ungeweza kujenga saketi yenye kifungu kimoja kwa kila hali, lakini mafundi wa saketi hutafuta vifungu vichache na vifupi, kwa sababu kila kifungu ni geti la kununua, kuunganisha na kulipia umeme.

Kifungu ni sharti. A'C maana yake "A ni 0 na C ni 1". Ile alama ndogo juu ya A ndiyo inayomgeuza. Kwa kuwa sharti hilo halimuulizi B chochote, linafunika hali mbili kwa mkupuo: 001 na 011. Ukijaribu kulifupisha zaidi, ukamtoa C, utabaki na A', na A' itaiwasha taa hata katika 000 ambako haitakiwi. Kifungu kisichokubali tena kufupishwa namna hiyo huitwa kifungu cha msingi. Saketi yetu ina vifungu vya msingi 6, na kila kimoja kinafunika hali 2. Tuviandike katika jedwali la ufunikaji:

```
            001  011  010  110  100  101
P1 = A'C     x    x
P2 = A'B          x    x
P3 = BC'               x    x
P4 = AC'                    x    x
P5 = AB'                         x    x
P6 = B'C     x                        x
```

Njia ya kawaida ya kusoma jedwali kama hili inatokana na kazi za Willard Quine, mwaka 1952, na Edward McCluskey, mwaka 1956. Unapita safu moja baada ya nyingine ukitafuta yenye alama moja peke yake. Ukiipata, kifungu kilichoiweka alama hiyo ni cha lazima, maana hakuna kingine kinachoifunika hali ile. Unakichukua, unafuta safu zote zilizofunikwa nacho, kisha unaendelea na zilizobaki.

Hapa pita kushoto kwenda kulia, rudi tena: kila safu ina alama mbili. Hakuna kifungu cha lazima hata kimoja. Wala huwezi kukitupa kimoja kwa hoja kwamba jirani yake anafunika kila anachofunika na zaidi, kwa sababu hakuna jirani wa namna hiyo. Fuata alama kwa kidole: P1 inakupeleka 001 hadi 011, P2 inakupokea hapo hadi 010, P3 hadi 110, P4 hadi 100, P5 hadi 101, na P6 inakurudisha 001 ulikoanzia. Ni duara kamili, ndiyo maana majedwali ya aina hii huitwa ya mzunguko.

Nimewaona wanafunzi wakifika hapa na kuchagua kifungu kinachowapendeza macho. Shida ya kuchagua hivyo ni kwamba unaweza kupata jibu sahihi, lililo safi kabisa, na bado lisiwe fupi kuliko yote. Mtu akifikiri kwa maneno ya kawaida atasema: ikiwa A ni 0, basi B au C lazima awe 1, na ikiwa A ni 1, basi B au C lazima awe 0. Hilo linakuwa A'B + A'C + AB' + AC', vifungu 4. Likague: hali zote 6 zimefunikwa. Jaribu kuondoa kifungu chochote: utaacha hali moja wazi. Kwa hiyo halina cha kupunguza, na mwenye kulitazama ataapa kwamba amefika mwisho. Hajafika. Jibu la vifungu 3 lipo, ila halipatikani kwa kupunguza hilo la 4. Inabidi utoke ndani yake uingie kwa mlango mwingine.

Mlango huo ulifunguliwa na Stanley Petrick mwaka 1956, katika kituo cha utafiti cha Cambridge cha Jeshi la Anga la Marekani. Aliliacha swali la "nichague kipi?" akaandika swali zima, pamoja na majibu yake yote, kama hesabu moja ya NA na AU.

Hapa herufi zinabadilika kazi, na ni vizuri kutulia kidogo. P1 haisimamii tena umeme unaopita kwenye waya. Inasimamia uamuzi: "kifungu cha kwanza nimekichukua." Itazame safu ya 001. Ili hali hiyo ifunikwe, lazima nimechukua P1 au P6. Hilo ni jumlisho: (P1 + P6). Safu ya 011 inadai P1 au P2. Kila safu ina dai lake, na madai yote 6 lazima yatimie kwa pamoja, kwa hiyo tunayaunganisha kwa NA, yaani tunayazidisha:

```
(P1+P6)(P1+P2)(P2+P3)(P3+P4)(P4+P5)(P5+P6)
```

Mstari huo mmoja ndio jedwali lote. Ukiufungua ukawa jumla ya mazao, kila zao litakuwa orodha ya vifungu vinavyotosha kufunika hali zote.

Kuzidisha mabano 6 yenye herufi mbilimbili kijinga kungezaa mazao 64. Hakuna haja. Katika hesabu za NA na AU, (X+Y)(X+Z) ni sawa na X + YZ: ama ninacho X, nacho kinatimiza madai yote mawili, ama nivichukue Y na Z pamoja. Basi tuyapange mabano wawiliwawili yanayoshirikiana herufi:

```
(P1+P2)(P1+P6) = P1 + P2P6
(P3+P2)(P3+P4) = P3 + P2P4
(P5+P4)(P5+P6) = P5 + P4P6
```

Tumebaki na mabano matatu. Zidisha mawili ya kwanza:

```
P1P3 + P1P2P4 + P2P3P6 + P2P4P6
```

Mwangalie P2 katika zao la mwisho. P2P6 ikizidishwa na P2P4 imetoa P2P4P6, si P2 ya kipeo cha pili. Kuamua jambo mara mbili ni sawa na kuliamua mara moja. Anayesahau hilo na kurudi kwenye aljebra ya shuleni ataanza kuona vipeo vikijitokeza kwenye karatasi, na hiyo ndiyo dalili ya kusimama na kurudi nyuma.

Sasa zidisha na bano la tatu. Yanatoka mazao 8, na moja kati yake ni P2P4P6. Mengine matatu yana P2P4P6 ndani yake pamoja na kifungu kingine cha ziada. Hayo humezwa: kama vitatu vinatosha, kubeba cha nne ni mzigo wa bure. Zinabaki orodha 5:

```
P1P3P5 + P2P4P6 + P1P2P4P5 + P2P3P5P6 + P1P3P4P6
```

Lile jibu letu la kwanza, la vifungu 4, liko hapo: P1P2P4P5. Petrick hakulikataa; ameliweka pamoja na ndugu zake ili tuone kwamba wawili kati yao ni wafupi zaidi. Chukua P1P3P5, uandike vifungu vyenyewe:

```
F = A'C + BC' + AB'
```

Au P2P4P6:

```
F = A'B + AC' + B'C
```

Yote mawili yana vifungu 3 vya herufi mbilimbili, hivyo gharama ni ileile. Ikiwa saketi yako ina tokeo jingine linalohitaji, tuseme, AB', chagua la kwanza ili geti hilo litumike mara mbili.

Jibu hilo la kwanza lina uzuri ambao hesabu haikuutangaza. Lisome kwa kuzunguka: A ni 1 na B ni 0, au B ni 1 na C ni 0, au C ni 1 na A ni 0. Yaani zungukia swichi tatu kama watu waliokaa duara. Kama hawasemi neno moja, lazima mahali fulani utashuka kutoka 1 kwenda 0. Jibu la pili ni mzunguko huohuo kwa upande mwingine.

Njia hii ina mpaka wake, na mpaka wenyewe ni ukubwa. Jedwali la safu 20 zenye alama tatutatu, likifunguliwa bila kumeza njiani, lina mazao 3,486,784,401. Ndiyo sababu kwanza huondolewa vifungu vya lazima na vile vinavyozidiwa na jirani, na Petrick huitwa kwa kiini cha duara kilichobaki tu. Kiini kikiwa kikubwa, programu za kubuni saketi huridhika na jibu zuri lisilothibitishwa kuwa fupi kuliko yote.

Na kuna jambo ambalo jedwali halilijui kabisa, nalo ni muda. Umejenga A'C + BC' + AB'. Swichi zinasoma 011, taa inawaka kwa sababu ya A'C. Boya la C linashuka, tunaingia 010, ambako BC' inapaswa kushika zamu. Lakini C' inapita kwanza kwenye geti la kugeuza, na geti hilo linachelewa kidogo. A'C imeshaachia, BC' haijashika. Kwa muda mfupi sana tokeo linaanguka kuwa 0 kisha linarudi 1.

Jicho halitaona taa ikipepesa. Kihesabio kilichounganishwa hapo kuhesabu hitilafu kinaweza kuiona, kikaandika hitilafu mbili pale ilipotokea moja. Kiungo cha kuziba pengo hilo ni A'B, yaani P2, kifungu kinachofunika 011 na 010 kwa pamoja, na ambacho tulikiacha. Mapengo kama hilo yako matatu katika duara letu, na viziba vyake ni P2, P4 na P6. Mwenye kihesabio atavirudisha vyote vitatu, ajenge vifungu 6. Kwa vipande vya 7408 na 7432, vyenye mageti manne kila kimoja, vifungu 3 vinahitaji kipande kimoja cha kila aina, na vifungu 6 vinahitaji viwili viwili. Mwenye taa peke yake ajenge vitatu.