Hashtagi ipi inakuletea watu? Pima kabla hujaamini

Kila mtu anasema weka #fyp na #viral, video itapaa. Sawa, lakini ikipaa, umejuaje ni hashtagi ndiyo iliyoipaisha? Mimi nauza sweta hapa Tandala, na wateja wangu wengi wako Njombe mjini na Makambako. Nikaamua kupima TikTok kwa daftari na kalamu. Nakupa hatua zote.

1. Tengeneza video zinazofanana
Usipandishe video ileile mara mbili, maana waliokwisha kuiona wataipita. Piga video mpya ya bidhaa ya aina moja. Mimi nilichukua sweta za aina moja, rangi tofauti, bei moja. Kila video sekunde 15, sauti ileile ya nyuma, maneno yaleyale ya maelezo, na zote zinapanda saa 1 na nusu usiku. Kinachobadilika ni hashtagi tu. Usilipie tangazo na usitume linki kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa sababu hao watazamaji umewaleta wewe mwenyewe.

2. Kwanza pima bila kubadilisha kitu
Hii hatua wengi wanairuka. Nilipandisha video nne zenye hashtagi zilezile. Baada ya siku 3 zilikuwa na watazamaji 210, 260, 340 na 480. Umeona? Hashtagi ni zilezile, lakini moja imezidi nyingine zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo kwenye akaunti yangu, video moja ikipata 250 na nyingine 450, hiyo tofauti hainiambii chochote.

3. Sasa linganisha seti mbili
Seti A: #fyp #viral #tanzania
Seti B: #sweta #njombe #makambako
Nilipandisha video nne kwa kila seti. Wiki hii A Jumanne na B Alhamisi, wiki inayofuata nageuza. Sababu ni kwamba huku Makete baridi ya Juni na Julai inauza sweta yenyewe. Ukiweka A zote mwezi Mei na B zote Juni, utaisifia hashtagi kumbe ni baridi. Kila video nilisoma hesabu yake baada ya saa 72 kamili.

A ilipata 310, 390, 2,900 na 280.
B ilipata 360, 420, 330 na 450.

Ukipiga wastani, A ni 970 na B ni 390. Hapo mtu anakimbilia A. Lakini angalia vizuri, ile 2,900 ni video moja tu. Toa kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote katika kila seti, kisha piga wastani wa mbili zinazobaki. A inakuwa 350, B 390. Yaani kwa idadi ya watazamaji, seti hizi ziko sawa.

4. Angalia walikotokea
Fungua video yako, gusa vidoti vitatu, ingia Analytics, tafuta Traffic source. "For You" ni wale ambao TikTok imewapelekea yenyewe. "Search" ni wale walioandika wanachotafuta. Hapa ndipo seti zilipoachana. Kwenye A, waliotoka Search walikuwa 1 au 2 katika kila 100. Kwenye B walikuwa 8 hadi 12. Ile ya 2,900 karibu wote walitoka For You.

Nikahesabu pia waliouliza bei. A watu 3, B watu 11. Kila aliyeuliza nilimuuliza, "Uko wapi ndugu yangu?" Katika wale 11, 8 walikuwa Njombe na Makambako, yaani watu ninaoweza kuwapakilia mzigo kwenye basi.

5. Toa moja moja
Seti B ina hashtagi tatu, ipi inafanya kazi? Nilipandisha video mbili bila #makambako, Search ikabaki 9 katika 100. Nyingine mbili bila #sweta, ikashuka hadi 3. Kwa hiyo #sweta ndiyo siachi. Lakini video mbili mbili ni chache, hivyo nitarudia kabla ya kuifuta #makambako.

Kipimo hiki kinaonyesha tofauti kubwa tu. Tofauti ya watu 40 au 50 huwezi kuiona kwa video nane. Na majibu yangu ni ya sweta na akaunti yangu. Wewe unayeuza viatu au mafuta ya alizeti, anza na hatua ya 2, ujue kwanza video zako zinapanda na kushuka kiasi gani zenyewe.